Kliniki Presha Nzuri, Usiku Nakuta Nyengine

Assalaam alaykum dada yangu,

Mimi ni mwanamke wa miaka 49, nipo Wete, Pemba. Napika vitumbua, huu ni mwaka wa tisa. Kila siku naamka saa 9 usiku, nasaga mchele, nakuna nazi, naumua, na ikifika saa 12 asubuhi sinia lipo barazani. Kitandani siingii kabla ya saa 4 na nusu, maana baada ya Isha kuna chakula, vyombo na mchele wa kuchagua. Mchana najilaza nusu saa nikijaaliwa.

Presha niligunduliwa miaka mitatu nyuma. Natumia amlodipini ya miligramu 5 na kidonge kimoja cha kutoa maji. Kliniki naenda saa 4 asubuhi, nakutwa 136 kwa 84 au karibu ya hapo, naambiwa nzuri, endelea. Lakini kila nikiamka kichwa kizito. Mwanangu anayesoma chuo Unguja akaniletea mashine ya kupimia. Nikajipima saa 9 usiku: 158 kwa 96. Usiku wa pili 162 kwa 98. Tangu hapo naamka hata saa 7 usiku nijipime, na nikikuta juu silali tena.

Mwanangu alisema dawa nizihamishie usiku, nimezihamisha zote mbili, wiki ya tatu sasa, na naamka mara mbili tatu kwenda haja ndogo. Wifi yangu anasema nikikuta imepanda nimeze amlodipini nyengine juu yake. Nimefanya hivyo mara mbili, na mara ya pili nilipata kizunguzungu mbele ya jiko. Bwana wangu anasema niwache biashara kabisa, na analalamika kuwa nakoroma mpaka anahamia ukumbini. Ada ya mtoto inatoka kwenye sinia hilo. Nimsikilize nani? Na niamini kipimo gani, cha kliniki au cha usiku?

Mpika Vitumbua, Wete

JAWABU

Waalaykumu salaam dada yangu.

Nianze na swali lako la mwisho. Vipimo vyote viwili ni vya kweli, ila hakuna hata kimoja kilichokupima ukiwa umelala. Cha kliniki kilikukuta saa 4 asubuhi, umeshauza, umekaa kwenye benchi kungoja zamu. Cha usiku kilikukuta umeshtuliwa na saa, umekaa ukingoni mwa kitanda, kibofu kimejaa na roho iko juu ukingoja kuona namba. Kibofu kilichojaa peke yake hupandisha namba, na hofu nayo huongeza yake. Kwa hiyo 158 ile ni presha ya mtu aliyeamka ghafla. Sisemi kuwa haina maana. Inakuonyesha mwili wako unaianzaje siku. Lakini jambo unalolitafuta, yaani presha yako ukiwa usingizini, bado hujaliona.

Na umelitafuta mahali pake, hapo nakupongeza. Presha haikai pamoja mchana na usiku. Mtu akilala vizuri, zile neva zinazouweka mwili macho hupoa, moyo hupiga polepole, mishipa hulegea, na namba hushuka. Kushuka kwenyewe huanza katika saa za mwanzo za usingizi, unapokuwa mzito, kisha kabla ya kuamka presha huanza kupanda tena. Wewe ni mtu wa pwani, umeona mafundi wakikalafati chombo. Hungoja maji yapwe, chombo kikae juu ya mchanga, ndipo wakiguse. Bahari hupwa mara mbili kwa siku. Presha yetu hupwa sawasawa mara moja tu, usiku, na hiyo ndiyo nafasi ya moyo, figo na mishipa ya ubongo kupumzika na ule msukumo wa mchana kutwa.

Madaktari wana kipimo cha kupwa huko. Presha ya usingizini inatazamiwa iwe chini ya ile ya mchana kwa asilimia 10 hadi 20. Tuifanye hesabu kwa namba zinazokaribia zako. Tuseme wastani wako wa mchana ni 138. Asilimia 10 yake ni kama 14, asilimia 20 ni kama 28. Basi ukilala, namba ya juu ingetakiwa iwe baina ya 110 na 124. Sasa tuseme usiku inabaki 132. Ukiitazama 132 peke yake utasema si mbaya, hata kliniki wangeifurahia. Lakini imeshuka pointi 6 tu, haifiki hata asilimia 5. Wastani wa usingizini ukifika 120 kwa 70 au kupindukia unahesabiwa kuwa presha ya juu, ijapokuwa kwenye benchi la kliniki mpaka ni 140 kwa 90. Ndiyo maana mtu anaweza kusifiwa kila mwezi kwa miaka, na huku moyo wake unanenepa ukuta na figo zinachoka. Presha ya usiku hutabiri kiharusi na maradhi ya moyo vizuri zaidi kuliko ile ya kliniki.

Nini huzuia maji kupwa? Yapo mambo kadhaa, na katika barua yako nimeyaona matatu. Ninayasema kama ya kuyachunguza, maana mimi sikukupima.

La kwanza ni ufupi wa usingizi wenyewe. Kutoka saa 4 na nusu hadi saa 9 ni saa nne na nusu, na hapo ni kama ulilala mara tu ulipoweka kichwa na hukuamka kujipima. Ukikata usingizi, unakata muda wa kupwa. Lakini hasara haiishii kwenye muda. Marekani walifanya jaribio na vijana wazima, wasio na presha, wakiwa wamewekwa mahali pamoja: walipewa nafasi ya kulala saa 4 tu kwa usiku 9 mfululizo, na wakati mwengine saa 9 nzima kila usiku, ili walinganishwe. Katika siku za saa 4, presha yao ya usingizini ilikuwa juu zaidi. Yaani hata zile saa chache walizolala hazikuwa na mpwo ule ule. Neva za kuamsha zilibaki nusu macho. Hao walikuwa vijana, siku 9. Wewe una miaka 9.

Hapa najua utaniuliza juu ya ile nusu saa ya mchana. Ina thamani yake, kwani presha hushuka mtu akilala hata mchana. Ila nusu saa haijazi pengo la saa mbili. Na ukilala baada ya Alasiri, usingizi wa usiku utachelewa kuja.

La pili ni kukoroma, na hapa namshukuru bwana wako kuliko anavyodhani mwenyewe. Kukoroma kwa kawaida ni kero tu. Lakini kuna kukoroma ambako koo hujifunga, pumzi hukatika kwa sekunde kumi au zaidi, hewa ya damu hupungua, kisha mtu hukurupuka kwa mkoromo mkubwa kama aliyezuka kutoka majini, na kulala tena bila kukumbuka. Mambo haya hujirudia mara nyingi kwa usiku mmoja, na kila mara presha hupigwa kofi juu. Wanaokuwa nayo huamka na kichwa kizito, huamka kukojoa, na mchana husinzia wakikaa kitako. Kichwa kizito umekitaja. Kukojoa tutakuja. Basi bwana wako, kabla hajahamia ukumbini, akae macho nusu saa usiku mmoja akusikilize: je, kuna kimya katikati ya mkoromo, halafu mshtuko? Akikisikia kimya hicho, hebu mwende naye kwa daktari, akieleze kwa kinywa chake. Wewe huwezi kukieleza, ulikuwa umelala. Ikiwa ndivyo ilivyo, basi hata ukilala saa 8 nzima kila usiku presha inaweza kukataa kushuka. Ndiyo sababu nasema tusiibebeshe biashara lawama zote kabla hatujajua hili.

La tatu hukuliandika, nakisia tu kwa kuwa nami nimekula muhogo kwa papa Pemba. Chumvi mwilini hutolewa na figo. Mtu aliyekula chumvi nyingi, na ambaye figo zake ni nzito kuitoa, mwili wake huendelea kusukuma kwa presha ya juu usiku ili figo zimalize kazi iliyobaki ya mchana. Presha haishuki kwa sababu kazi haijaisha. Kwa watu wenye asili ya Afrika hali hii huonekana zaidi. Papa mkavu, ng'onda na achari ya chakula cha usiku, basi, si sawa na chakula kisicho na chumvi kali. Papa anaweza kurowekwa akabadilishiwa maji mara mbili tatu, au akawa wa siku moja moja badala ya kila usiku. Kama huli vitu hivyo, nisamehe, ruka hapa.

Sasa dawa, na hapa nitasema kwa uwazi zaidi kuliko kwengine.

Mwanao hakukosea kufikiri. Wazo la kumeza dawa usiku ili zishushe presha ya usiku ni la kiakili, na kwa miaka madaktari wenyewe wamebishana juu yake. Uingereza walifanya utafiti wa watu zaidi ya 21,000, matokeo yakatoka 2022: nusu walimeza dawa zao asubuhi, nusu jioni, wakafuatiliwa kwa miaka. Shambulio la moyo, kiharusi na vifo havikutofautiana. Kwa hiyo wakati bora ni ule ambao mtu hasahau na dawa haimsumbui. Amlodipini ni dawa ya taratibu mno, nusu yake hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na ukiinywa asubuhi bado ipo inafanya kazi usiku. Lakini kidonge cha maji ni kitu chengine. Kazi yake ni kukupeleka chooni. Ukikimeza wakati wa kulala, kitakuamsha, na kila ukiamka presha hupanda na mpwo hukatika. Huenda katika kutafuta kushusha presha ya usiku umejivunjia usingizi uliokuwa nao. Muulize daktari wako, tena wiki hii, kama kidonge cha maji kirudi asubuhi. Nadhani atakubali upesi. Na ukishakirudisha kwa ruhusa yake, tazama: je, bado unaamka kukojoa? Kama bado, basi si kidonge tu, na tunarudi kwenye kukoroma, au kwenye kisukari, ambacho nacho kipimwe.

Kidonge cha wifi yako, dada yangu, tafadhali kisimezwe tena. Amlodipini haishushi presha hapo hapo. Huchukua saa nyingi kufika kileleni. Ukiimeza saa 9 kwa kuogopa 158, nguvu yake inakukuta asubuhi, siku imeshapamba moto, mbele ya makaa na mafuta yanayochemka. Kizunguzungu kile kilitokea mahali pabaya kuliko vyote nyumbani mwako. Namba ya juu bila dalili nyengine haitaki kidonge cha ghafla, inataka uandike na umwonyeshe daktari. Kinachotaka mbio za hospitali usiku huo huo ni mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kifua kubana, macho kupoteza nuru ghafla, au namba kufika 180 kwa 120 pamoja na maumivu makali ya kichwa au kukosa pumzi. Hapo usiandikie mtu barua.

Basi ujipimeje? Ningekuomba kwanza uache kuamka saa 7. Unajinyima usingizi ili upime hasara ya kukosa usingizi. Chukua siku 7. Asubuhi ukishaamka, nenda haja ndogo kwanza, kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5 bila kuzungumza, miguu chini, mkono juu ya meza ulingane na moyo, mkanda juu ya ngozi wala si juu ya nguo. Pima mara mbili, baina yake dakika moja. Fanya hivyo kabla ya dawa, kabla ya kusaga. Jioni vivyo hivyo kabla ya kulala. Andika zote, hata zisizokupendeza, halafu namba za siku ya kwanza zitupe, maana siku hiyo mtu bado ana wasiwasi na mashine. Wastani wa zilizobaki ukiwa 135 kwa 85 au zaidi, kliniki ina jambo la kulitazama. Na kama za asubuhi ni kubwa sana kuliko za jioni, hiyo ni alama kuwa usiku hautulii. Ni alama tu, haithibitishi.

Kithibitisho ni mashine ya saa 24. Unafungwa mkanda mkononi na kisanduku kidogo kiunoni, unakwenda nyumbani, unapika vitumbua kama kawaida. Mchana kinapima kila baada ya dakika 15 au 20, usiku kila nusu saa, wewe umelala. Kuna watakaokuambia kinasumbua usingizi, na ni kweli kidogo. Mpelekee daktari karatasi yako ya siku 7 na umuulize wazi: "Naweza kupata kipimo cha saa 24, na wapi?" Kama safari ni mpaka Unguja, panga siku moja na safari ya kumtazama mwanao. Siku hiyo andika saa uliyolala na saa uliyoamka kwa ukweli, maana bila hivyo mashine itahesabu saa 9 yako kama usiku wa kulala na huku wewe unasaga mchele. Kosa hili hutokea sana kwa watu wa kazi za alfajiri, na majibu yake humtia mtu kwenye dawa asiyoihitaji.

Tuje kwenye sinia. Bwana wako anaogopa, na mtu anayeogopa husema "wacha kabisa". Ukiwacha, utapata usingizi, lakini ada itatoka wapi, na wasiwasi wa ada nao haulali. Ukiendelea kama ulivyo, namba hizi sidhani zitajirekebisha. Baina ya hayo mawili kuna nafasi, na wewe ndiye fundi, mimi nakisia tu. Mchele ukisagwa mashineni Alasiri, unga ukachanganywa jioni kwa hamira ndogo sana ili uumuke taratibu, saa 9 inaweza kuwa saa 10. Najua tui la jana linachacha, kwa hiyo nazi ibaki ya alfajiri. Ila kuna mtu mmoja nyumbani anayeamka kwa kukoroma kwako, ana mikono miwili, na mbuzi ya kukunia nazi haichagui mke wala mume. Na Isha ikishaswaliwa, vyombo vikawa vya watoto, kitandani ungeingia saa 3 na nusu. Kutoka hapo hadi saa 10 ni saa sita na nusu. Umeongeza saa mbili bila kupunguza kitumbua hata kimoja.

Hatari ya mpango huu naiona pia. Siku za mwanzo utalala saa 3 na nusu macho makavu, kwa sababu mwili umezoea saa 4 na nusu, na utadhani haufai. Simu iwe mbali, chai ya rangi iishie Alasiri, na upe wiki mbili. Biashara nayo inaweza kuyumba siku chache, vitumbua vya unga wa jioni huenda vikawa vichachu kwa wateja wako waliozoea. Labda ujaribu kwanza Ijumaa tu, au siku za skuli kufungwa wakati wateja ni wachache. Kama kimya cha mkoromo kipo, hii yote ni nusu ya tiba, nusu nyengine ipo kwa daktari. Na mwezi wa Ramadhani utakuja na daku yake, hapo itabidi mpange upya na daktari saa za dawa, mapema, kabla ya mwezi kuandama.

Sijui utachagua lipi kwanza. Mazungumzo na bwana wako pengine yatakuwa mepesi zaidi ukianza na kumwomba akusikilize usiku mmoja kuliko ukianza na biashara. Nitafurahi nikipata barua yako baada ya zile siku 7, namba na zote, na uniambie hamira ndogo ilikubali au ilikataa.